Rafiki yangu anataka nimdhamini mkopo wa SACCOS wa milioni 12, na fomu ninayo mezani

Mwalimu wa Kihonda
Habari za jioni wakuu. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro. Rafiki yangu, tuliyesoma naye chuo na tukaajiriwa mwaka mmoja, anachukua mkopo wa milioni 12 kwenye SACCOS yetu ya wafanyakazi. Ni wa miezi 36, riba asilimia 1.5 kwa mwezi kwenye salio. Anataka kununua bajaji ya biashara. Ana akiba ya milioni 4, na chama kinataka wadhamini wanne, kila mmoja asimamie milioni 3.

Juzi aliniletea fomu nyumbani. Kwenye nafasi ya mdhamini wa tatu jina langu tayari limeandikwa kwa kalamu ya bluu, kwa mwandiko wake, imebaki sahihi tu. Nilimwambia aiache niisome.

Huyu si mtu wa kawaida kwangu. Baba alipofariki ndiye aliyekodi gari la kusafirisha msiba mpaka Mahenge, na hajawahi kuniuliza ile hela. Upande mwingine nina akiba ya milioni 5.2 chamani, na mwakani nataka kukopa ili niezeke nyumba yangu. Naomba kujua nikisaini najifunga na nini hasa, na nikikataa nakataaje bila kumpoteza.

Dereva wa Msamvu
Mkuu, dhamana isikutishe. Mimi nimemdhamini shemeji yangu polisi mara mbili, nikaacha kitambulisho na barua ya mtendaji, siku ya kuripoti akaripoti, tukamaliza. Cha muhimu awe mtu asiyekimbia.

Mwalimu wa Kihonda
Asante kaka, ila hiyo ni dhamana ya polisi. Hapa nazungumzia mkopo.

Dereva wa Msamvu
Aah, samahani, nilisoma kichwa cha habari haraka. Basi nakaa nijifunze na mimi.

Chuma cha Ubungo
Saini tu mwalimu. Watu wanaogopa bure. Mdhamini haguswi mpaka mkopaji mwenyewe auziwe kila kitu alichonacho. Wakikufuata unawaambia waanze na bajaji yake, wakimaliza hapo ndiyo waje kwako. Na mshahara wako hawawezi kuugusa bila amri ya mahakama. Halafu yule aliyekuzikia baba, unamfikiriaje mara mbili?

Karani wa Mahakama
Chuma, hapo kwenye kuuziwa kwanza unampotosha mwenzako, na ndipo wengi wanapoumia. Nimekaa masjala miaka mingi na nimeona majalada ya namna hii. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 80, inasema wajibu wa mdhamini unalingana na wa mkopaji, isipokuwa mkataba wenyewe useme vinginevyo. Maana yake mkopaji akishindwa kulipa, mkopeshaji anaweza kuja kwako siku hiyohiyo. Halazimiki kumaliza mali za rafiki yako kwanza. Ukitaka aanze huko, lazima sentensi hiyo iwe imeandikwa kwenye fomu, na fomu nyingi nilizoziona zimeandika kinyume chake.

Kuhusu mshahara, mwalimu asome fomu yake. Kama kuna mstari unaosema "naidhinisha mwajiri wangu anikate", basi idhini ameshaitoa yeye mwenyewe kwa sahihi yake.

Mwalimu wa Kihonda
Nimeisoma tena sasa hivi. Nanukuu kama ilivyo: "Mimi mdhamini nakubali kuwajibika kwa pamoja na mmoja mmoja kwa deni lote, riba na gharama, na naidhinisha chama kushikilia na kukata akiba, amana na mshahara wangu bila taarifa zaidi. Dhamana hii itaendelea hata mkopo ukiongezwa au masharti yake yakibadilishwa."

Yeye aliniambia nasimamia milioni 3 tu.

Karani wa Mahakama
Sentensi hiyo ina vitu viwili vizito.

"Kwa pamoja na mmoja mmoja kwa deni lote" inaiua ile milioni 3. Juu ya fomu wameandika milioni 3 kama kiasi cha akiba yako watakachokishikilia, lakini chini umekubali deni lote. Wenzako watatu wakiwa hawana kitu, chama kinaweza kukudai wewe peke yako salio zima, halafu wewe ndiye uhangaike kuwadai wenzako mafungu yao.

Cha pili ni ile ya mwisho. Kwa kawaida sheria inamlinda mdhamini. Mkopeshaji na mkopaji wakibadilisha masharti bila ridhaa yako, unatoka kwenye wajibu kwa yale yanayofuata baada ya mabadiliko. Sasa fomu yako inakufanya utoe ridhaa hiyo leo, kabla hujajua watabadilisha nini. Rafiki yako akiongezewa mkopo mwakani, sahihi yako bado inafanya kazi.

Mzee Daftari
Mwalimu, nilikuwa kamati ya mikopo ya SACCOS ya watumishi kwa miaka tisa kabla sijastaafu. Ngoja nikupigie hesabu kwa mkopo huuhuu, maana watu husikia neno hatari wasiione.

Milioni 12, miezi 36, riba 1.5 kwenye salio. Rejesho ni kama 434,000 kwa mwezi. Tuseme analipa vizuri miezi kumi kisha anakwama. Ameshatoa milioni 4.34, wewe unajua deni limebaki milioni 7 na kitu. Hapana. Salio ni kama milioni 9.28, kwa sababu miezi ya mwanzo zaidi ya theluthi ya rejesho inakwenda kwenye riba. Kamati haikurupuki, huwa inamwandikia, inamwita, inampa muda. Miezi minne ikipita hivyo, riba ya kama 139,000 kila mwezi inaongezeka, deni linafika milioni 9.84.

Hapo chama kinachukua kwanza akiba yake ya milioni 4. Inabaki milioni 5.84. Gawanya kwa wadhamini wanne, kila mmoja 1,460,000. Lakini katika miaka yangu tisa sikumbuki kesi nyingi ambazo wadhamini wote wanne walikutwa na akiba. Mmoja ameshahama chama, au akiba yake yote imeshikwa na mkopo wake mwenyewe. Mkibaki watatu ni kama 1,950,000 kila mmoja. Barua inakufikia, na mara nyingi akiba imeshakatwa kabla barua haijafika.

Sasa ngoja nikwambie gharama ambayo hata rafiki yako akilipa mpaka senti ya mwisho utaibeba. Akiba yako ya milioni 5.2 kwa utaratibu wa mara tatu inakupa nafasi ya kukopa mpaka milioni 15.6. Ukisaini, milioni 3 inashikwa. Inabaki huru milioni 2.2, nafasi yako inashuka kuwa milioni 6.6. Vyama havifanani, angalia masharti ya chenu, lakini vingi viko hivyo. Bati zako za mwakani ndizo zinazodhamini bajaji yake.

Mwalimu wa Kihonda
Mzee shikamoo. Hilo la bati sikuliwaza kabisa. Nilikuwa nafikiria tu kama atalipa au hatalipa.

Mzee Daftari
Marahaba mwanangu. Wengi huwaza hivyo.

Chuma cha Ubungo
Nakubali kwenye kifungu cha 80 nimekosea, nilikuwa nakumbuka maneno ya mtu tu. Lakini mzee, huyu ni mtumishi wa serikali. Makato yanatoka juu kwa juu kabla mshahara haujamfikia. Atakwama vipi?

Mzee Daftari
Swali zuri, na ni kweli mtumishi hakwami kirahisi kama mfanyabiashara. Nilioona wakikwama ni wa namna tatu.

Wa kwanza ni aliyepoteza ajira. Mnaukumbuka mwaka 2017, uhakiki wa vyeti. Aprili ile zilitajwa taarifa za watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi na wakaondolewa kwenye malipo. Mwezi uliofuata makato yao hayakuja. Kwenye chama chetu walikuwa wachache, lakini nyuma ya kila mmoja walikuwepo wadhamini ambao vyeti vyao ni safi kabisa. Mama mmoja mhudumu wa afya alikuja ofisini na kitabu chake cha akiba ameking'ang'ania kifuani kwa mikono miwili, anauliza, "Mimi kosa langu nini?" Sikuwa na jibu zaidi ya kumwonyesha sahihi yake.

Wa pili ni anayefariki. Hapa uliza kama mkopo una bima. Vyama vingi vina bima ya mikopo inayomaliza deni mkopaji akifa, lakini vingine havina, au bima haikulipiwa.

Wa tatu, na huyu ndiye mgumu kumwona, ni mwenye madeni ya mtaani. Mshahara wake unakatwa mpaka unagusa ile theluthi moja ambayo mtumishi lazima abakiwe nayo, halafu pembeni ana mkopo wa kausha damu na kadi yake ya benki iko kwa mkopeshaji. Huyu anaweza kuomba uhamisho, akabadilisha mambo yake ya malipo, makato yakapwaya miezi mitatu. Ndiyo maana ukitaka kumdhamini mtu, mwombe akuonyeshe slipu ya mshahara ya mwezi huu. Angalia kinachobaki mwisho wa mstari. Halafu muulize kwa upole, "Kadi yako ya benki unayo?" Asiyetaka kuonyesha slipu kwa mtu anayemwombea sahihi ya milioni 12, ameshakujibu.

Mtoto wa Likoni
Salaam kutoka Mombasa. Huku kwetu Kenya Sacco ni hivyohivyo. Mimi nilidhamini wenzangu wawili kazini, wote wanalipa sawa, hakuna shida. Shida ilikuja nilipoacha kazi nikataka kutoka chamani na akiba yangu. Nikaambiwa akiba imeshikwa, siwezi kutoka mpaka walionifanya mdhamini wapate mtu wa kuchukua nafasi yangu. Mmoja alimpata ndani ya wiki. Wa pili ananiambia "kesho, kesho" mwezi wa nane huu. Si mbaya, ni ndugu, lakini pesa ni zangu na siwezi kuzigusa. Mwalimu usisahau kuuliza unatokaje, si unaingiaje tu.

Mama Pacha
Mimi naomba nizungumzie huko kukataa, maana sheria mmeshaieleza.

Mume wangu aliombwa udhamini na rafiki yake wa utotoni. Hakutaka, akaona njia rahisi ni kusema, "Mke wangu amekataa." Mimi hata sikuwa nimeulizwa. Leo mwaka wa tatu, mke wa yule rafiki tukikutana sokoni Mawenzi anapita kando kama hanijui. Kwenye harusi ya mdogo wao sikupewa kadi, mume wangu akapewa. Urafiki wao wanaume umepona, wa kwangu haujapona. Kaka zangu, msitutumie wake zenu kama ukuta. Ukisema mwenyewe, anakukasirikia wewe na wewe una uwezo wa kwenda kuongea naye. Akinikasirikia mimi, nitaongea naye nini?

Dereva wa Msamvu
Dada pole sana. Hapo umenigusa, na mimi niliwahi kusema hivyohivyo.

Chuma cha Ubungo
Dada Mama Pacha, nakuelewa, ila kwa wengine ni kweli mke anakataa. Nyumba ni ya wote.

Karani wa Mahakama
Kama ni kweli mmekaa mkakubaliana, aseme "tumekubaliana nyumbani hatudhamini", awe mmoja wa waliokataa. Na niongeze jambo dogo: kama siku moja utaombwa uweke nyumba ya ndoa kama dhamana ya mkopo wa rafiki, hapo ridhaa ya mwenzi si adabu tu. Sheria ya Ardhi, kifungu cha 114, inaitaka. Nyumba ikiwekwa rehani kisirisiri, kesi inayofuata inawaingiza wote mahakamani: benki, mkopaji na wanandoa wenyewe.

Mwalimu wa Kihonda
Kwa hiyo mnanishauri nikatae? Na lile deni la msiba wa baba? Sisemi hela, nasema moyo.

Mama Pacha
Kaka, deni la moyo lilipe kwa kitu unachokijua ukubwa wake. Gari la Mahenge lilikuwa na bei, siku ile ikaisha. Sahihi hii hujui bei yake mpaka miezi 36 iishe.

Chuma cha Ubungo
Mimi hapo tunatofautiana. Kuna watu katika maisha ukiwapimia kwa rula umewapoteza. Ningekuwa mimi ningesaini huku najua naweza kulipa, nikiuma nimeuma.

Mzee Daftari
Chuma, maneno yako si ya kutupa. Tofauti yako na wengi ni hiyo "huku najua naweza kulipa". Kama mwalimu anaweza kukaa leo usiku na kusema "milioni mbili zikienda, na bati zikisubiri miaka mitatu, bado nitamsalimia kwa moyo mweupe", basi asaini, ila abadilishe ile sentensi. Kwenye chama chetu tulimkubalia mdhamini aandike kwa mkono pembeni ya sahihi, "wajibu wangu hautazidi shilingi 3,000,000, riba ikiwemo, na hautaendelea mkopo ukiongezwa", katibu akatia sahihi pembeni yake. Kamati nyingine zitakataa, na hiyo ni haki yao, lakini kuuliza si kosa. Ubaki na nakala.

Kama hawezi kusema hivyo, akatae, na akatae wiki hii. Nimeona urafiki mwingi ukifa kwa sababu ya kuzungushwa, kuliko kwa sababu ya hapana yenyewe. Mtu anaambiwa "nitaangalia, nipe muda", anaacha kutafuta mdhamini mwingine, kikao cha kamati kinakaa Alhamisi, Jumatano usiku simu haipokelewi. Huyo ana haki ya kukasirika, maana umemnyima sahihi na muda pia.

Mwalimu wa Kihonda
Kikao chetu ni tarehe 20. Bado siku 11.

Mzee Daftari
Basi nenda kesho. Usitume meseji, nenda kwa miguu yako, na fomu yake mkononi umrudishie, usiichane wala kuibakiza. Sababu moja inatosha, ile ya kweli. Ukitaja sababu nne ataanza kuzijibu mojamoja. Usiseme humwamini, maana hujasema hivyo na si kweli. Sema akiba yako ina kazi mwakani na huwezi kuifunga.

Kisha mpelekee njia. Kwanza, kwa akiba yake ya milioni 4, vyama vingi vinamkopesha mtu mpaka kiasi cha akiba yake bila mdhamini. Pili, aulize kama kadi ya bajaji inaweza kubaki chamani kama dhamana mpaka amalize, ili wadhamini wapungue. Tatu, kama una kiasi unachoweza kukitoa bila kukisubiri, kitaje kwa tarakimu.

Mtoto wa Likoni
Na kama ameshasaini mtu, anaweza kujitoa?

Karani wa Mahakama
Kabla fedha hazijatoka, andika barua haraka, ipokelewe na kugongwa mhuri. Fedha zikishatoka, huwezi kujitoa peke yako. Ni mpaka chama kikubali mdhamini mwingine, na kikuandikie kwamba umetolewa. Na ukishakatwa, usikae kimya kwa aibu. Uliyemlipia unaweza kumdai, unasimama pale alipokuwa amesimama mkopeshaji. Omba chama barua ya kiasi ulichokatwa na tarehe, pamoja na taarifa ya akaunti yako. Kwa kiasi kama hicho cha milioni moja na nusu au mbili unaanzia Mahakama ya Mwanzo. Kama ugomvi wako ni na chama chenyewe, mfano wamekata zaidi, anza na bodi kwa maandishi, kisha Mrajis wa vyama vya ushirika. Kushinda na kulipwa ni mambo mawili, hilo siwezi kukuficha.

Mwalimu wa Kihonda
Wakuu, mrejesho. Nimetoka kwake jana jioni.

Nilimkuta anaosha pikipiki ya jirani uani. Nikamwambia, "Ndugu yangu, nimeisoma fomu. Sitasaini. Akiba yangu nataka kuikopea bati mwakani, nikiifunga sitaezeka. Nimekuja mapema ili upate mtu kabla ya tarehe 20." Alinyamaza, akaendelea kuosha tairi lilelile muda mrefu. Kisha akasema, "Nilishaandika jina lako." Nikamjibu nimeliona.

Nikamwambia nina laki tano, ni yake, arudishe akiweza na asiporudisha sitauliza. Akacheka kidogo, akasema, "Kama gari la Mahenge." Hapo nikashindwa kusema neno.

Nilipomweleza lile la mstari wa "deni lote", alishangaa kweli, hakuwa ameusoma. Mdhamini wake wa kwanza ni mama wa jikoni hapo shuleni kwake, ana akiba ya milioni 3 na laki mbili tu. Akasema atarudi kumweleza upya kabla ya kikao. Ya kadi ya bajaji kubaki chamani atamuuliza katibu Jumatatu.

Laki tano hajaipokea. Alisema "tutaongea". Leo asubuhi nimempigia, hakupokea, saa sita akatuma meseji: "Niko darasani." Sijui niisomeje.

Mama Pacha
Isome kama ilivyo kaka. Mwalimu saa sita yuko darasani. Jumamosi nenda tena, usizungumzie mkopo.

Chuma cha Ubungo
Bado nasema mimi ningesaini. Lakini kuhusu yule mama wa jikoni umefanya vizuri, hilo sikuliwaza.

Mzee Daftari
Mwalimu, katibu akijibu kuhusu kadi ya bajaji tuletee hapa. Chama chetu kilikuwa kinakubali kwa bajaji mpya tu, yenye bima kubwa. Nataka kujua chenu kinafanyaje.

Mwalimu wa Kihonda
Nitaleta, mzee. Jumamosi naenda.